Nilipandishwa cheo baharini, lakini kwa wakala nilibaki OS

Mwezi wa Aprili 2024 nilikuwa nimekaa nyumbani Likoni mwezi wa nne mfululizo, simu iko mkononi, wakala hanipigii. Nilikuwa nimeshuka meli tarehe 6 Desemba 2023 nikiwa AB, yaani baharia kamili wa sitaha, baada ya miaka mingi ya kuitwa OS, baharia wa ngazi ya chini. Nilidhani cheo kipya kingenifungulia njia. Badala yake, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa bara muda mrefu hivyo bila hata kuulizwa kama niko tayari.

Siku moja nikakutana kwenye feri na mwenzangu tuliyewahi kuhudumu naye meli moja. Ana begi, anaelekea uwanja wa ndege wa Moi. Nikamuuliza anakwenda kwa cheo gani. Akanijibu, "AB, ami. Waliniita tangu Februari, walikuwa wanatafuta wawili." Wakala wake ndiye wangu. Meli ni za kampuni ileile niliyoihudumia. Na yeye cheti cha AB alikipata baada yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni mwa ile afisi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikiamini kuna mtu amependelewa. Karani, dada mmoja mpole ambaye tunajuana kwa miaka, hakubishana nami. Aligeuza kioo cha kompyuta nikione. Akaandika AB, akachagua meli za mizigo mikavu, akabonyeza. Yakatokea majina mengi, langu halimo. Akafuta, akaandika OS. Jina langu likatokea juu kabisa, na chini yake orodha ya meli zangu, ya mwisho ikiwa ya mwaka 2022.

"Kaka," akaniambia, "hapa kwetu wewe ni OS. CV uliyotupa ndiyo hii."

Nimeandika makala hii kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kupeleka CV zao upya kwa mawakala, na naona wengi wana shida ileile. Wanasoma, wanapata cheti au wanapandishwa, kisha wanangoja watafutwe kwa jina ambalo wakala halijui.

Cheti changu kilikuwa kimelala wapi

Wasiokuwa mabaharia huenda wakajiuliza, inakuwaje mtu apandishwe cheo na anayemtafutia kazi asijue? Jibu liko katika namna kazi yenyewe ilivyogawanywa.

Mwenye meli huwa yuko mbali, pengine Ugiriki, Ujerumani au India. Anayepanga nani apande meli gani ni afisi yake ya wafanyakazi. Wakala wa Mombasa ni mkono tu: anapokea ombi linalosema tunataka AB mmoja, meli ya mizigo mikavu, apande mwezi fulani. Karani hapekui majalada ya karatasi. Anatafuta kwenye kompyuta, na kitu cha kwanza anachoandika ni cheo. Kama cheo chako kimeandikwa OS, basi kila mara ombi la AB linapofika wewe humo katika hesabu. Hujakataliwa, ila hujaonekana, na asiyeonekana hapigiwi simu ya kuambiwa amekosa.

Upande wangu mambo yalikwenda hivi. Ili mtu apate cheti cha AB wa sitaha chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW, kwanza awe na cheti cha kushika zamu kwenye daraja la meli. Akiwa nacho, ahudumu baharini katika idara ya sitaha miezi 18, au miezi 12 pamoja na mafunzo yaliyoidhinishwa. Mimi nilitimiza miezi yangu kwa kandarasi mbili, moja ya miezi 10 na moja ya miezi 9. Nikapeleka maombi kwa Mamlaka ya Masuala ya Baharini nchini, KMA, na Januari 2023 nikapata cheti.

Lakini Desemba 2022, kabla cheti hakijatoka, nilikuwa nimeshatia saini kandarasi nyingine kama OS. Nikampelekea wakala kopi ya cheti. Karani aliyekuwepo akaitoboa, akaitia kwenye jalada la karatasi, akaniambia ahsante. Nikaondoka moyo mweupe. Kwenye kompyuta hapakubadilika kitu, kwa sababu nilileta cheti peke yake. Sikuleta CV mpya, wala sikumwambia mtu yeyote abadilishe cheo.

Nikapanda meli tarehe 4 Machi 2023. Mwezi wa Agosti AB mmoja alilazimika kushuka Durban kwa ugonjwa. Nahodha akaangalia nani ana cheti, akaiandikia kampuni, kampuni ikakubali, na kuanzia tarehe 10 Agosti nikawa AB. Mshahara ukabadilika, zamu ya usukani ikawa yangu. Nahodha akaniandikia barua, na kitabu changu cha baharia kikaandikwa na kupigwa mhuri. Haya yote yalitokea kati ya meli na kampuni. Wakala wa Mombasa alipata taarifa moja tu kunihusu: kwamba nimeshuka salama tarehe 6 Desemba.

Kwa hiyo ule mwezi wa Februari walipotafutwa AB wawili, nilikuwa na cheti, nilikuwa na cheo, nilikuwa na barua ya nahodha ndani ya kabati. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja wa kumwambia karani.

Kandarasi moja, mistari miwili

Dada yule aliponiambia niandike CV upya, nilikaa nayo usiku mmoja nikaileta. Kwenye orodha ya meli niliandika mstari mmoja kwa ile kandarasi ya mwisho: AB, 4 Machi mpaka 6 Desemba 2023. Nilipandishwa, au sivyo? Nikaona nimemaliza.

Akaisoma, akanirudishia. "Kitabu chako kinasema nini?"

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo wengi wanapoteleza. CV ya baharia si kama ya mwalimu au mhasibu. Sehemu yake kubwa ni jedwali la meli: jina la meli, aina yake, bendera yake, ukubwa wake, cheo chako, tarehe ya kupanda na tarehe ya kushuka. Kila mstari wa jedwali hilo unalinganishwa na kitabu cha baharia, ambacho si wewe unayekiandika bali nahodha, kwa saini na mhuri. Wakala akiona CV inasema kitu kimoja na kitabu kingine, haketi kufikiria kwamba pengine umekosea. Anaiweka kando, maana akikupeleka na kampuni ikagundua, jina linaloharibika ni lake.

Njia sahihi ni kuigawa kandarasi moja mara mbili, siku ileile cheo kilipobadilika. Yangu ikawa hivi:

```
BULK CARRIER   OS   04.03.2023 - 09.08.2023
BULK CARRIER   AB   10.08.2023 - 06.12.2023
```

Jina la meli ni lilelile katika mistari yote miwili, bendera ileile, ukubwa uleule. Kinachobadilika ni cheo na tarehe. Ukihesabu, mstari wa kwanza ni siku 159, wa pili ni siku 119, jumla siku 278. Hizo 278 ndizo muda wote niliokuwa melini, kwa hiyo hapana siku iliyopotea wala iliyohesabiwa mara mbili. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kabla hujatuma. Ukiona siku zimezidi, basi tarehe mbili zimepandana mahali. Ukiona zimepungua, umeacha pengo, na pengo huzaa maswali.

Nakiri iliniuma kuandika siku 119 tu za AB. Miezi minne si kitu mbele ya kampuni nyingi, ambazo hutaka mtu aliyekwisha kumaliza kandarasi nzima katika cheo. Lakini siku 119 za kweli zina barua ya nahodha nyuma yake. Zile nyingine 159, kama ningeziita za AB, hazina shahidi.

Nimeona kwa macho yangu faida ya kuogopa jambo hili. Kijana mmoja wa jirani, ambaye jina lake naliacha, alipopata cheti cha AB alirudi nyuma akabadilisha cheo kwenye meli zake zote, tangu ya kwanza. Alifikiri anaipamba. Wakala alifungua kitabu chake, akaona OS, OS, OS, akamrudishia stakabadhi bila maneno. Uwezo alikuwa nao na cheti chake kilikuwa halali kabisa. Ilimchukua karibu mwaka kupata afisi nyingine iliyomwamini.

Cheti ni kimoja, cheo ni kingine

Sasa kuna wale ambao hawajapandishwa. Wamepata cheti tu. Wamemaliza masomo, KMA imewapa cheti, lakini meli ya mwisho waliihudumia kama OS. Hawa wanaandikaje?

Ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Ukijiandika AB juu ya CV, karani atakuweka kwenye orodha ya AB. Huko utashindana na watu wenye kandarasi tatu nne katika cheo hicho, na kampuni itasema inataka mzoefu. Wakati huohuo ombi la OS likija, humo. Umejitoa kwenye kazi uliyoiweza na hujaingia kwenye unayoitaka. Ukijiandika OS kama zamani, umerudi pale nilipokuwa mimi, cheti kimelala kabatini.

Ushauri ninaowapa, na ambao dada yule wa afisini aliuthibitisha, ni kuandika yote mawili kwenye mstari wa juu kabisa, kila kimoja kwa jina lake: cheo nilichohudumu ni OS, cheti nilicho nacho ni AB wa sitaha, nakubali kwenda kwa cheo chochote kati ya hivyo. Kisha umwombe karani akuweke kwenye orodha zote mbili, ikiwa kompyuta yao inakubali. Nyingi zinakubali. Kampuni nazo mara nyingine hupenda mtu wa namna hii, kwa sababu akipanda kama OS akiwa na cheti, siku AB akiugua yuko wa kumrithi palepale bila kutuma mtu kwa ndege. Ndivyo nilivyopanda mimi.

Cheti kipya pia kina jirani zake. Wakala hatazami hicho kimoja ulichokuja nacho kwa furaha. Anatazama vyote, na kimoja kilichokufa kinavizuia vingine. Cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka miwili. Mafunzo ya msingi ya usalama, yale ya kuzima moto na kujiokoa majini, lazima uthibitishe kila baada ya miaka mitano kwamba bado unayaweza. Pasipoti nayo iwe na muda wa kutosha kumaliza safari na zaidi. Kwa hiyo unapoandika CV upya kwa ajili ya cheti kimoja, pitia vyote na uandike tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha mbele ya kila kimoja. Kama cha afya kinaisha mwezi ujao, sema hivyo na useme lini utakwenda kupima. Karani akijua hatashtuka. Anayeficha ndiye hugunduliwa siku ya tiketi.

Barua pepe yenyewe

CV ikiwa sawa, imebaki kuifikisha. Hapa vijana wetu wanapenda kutuma kwa WhatsApp, faili imeitwa CV tu, ujumbe ni "habari dada, hii hapa". Siwalaumu, na karani atajibu vizuri. Lakini siku ya tatu ujumbe ule umefunikwa na mia nyingine, na kwenye kompyuta yake zipo faili hamsini zinazoitwa CV.

Tuma kwa barua pepe ya afisi, halafu WhatsApp iwe ya kukumbusha tu. Kichwa cha barua peke yake kimwambie karani nini kimebadilika, bila kuifungua. Changu kilikuwa hivi, kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya afisi hizi:

```
UPDATED CV - AB DECK (PREVIOUSLY OS) - AVAILABLE 01 MAY 2024
```

Neno la katikati, kwamba zamani nilikuwa OS, ndilo lenye kazi. Bila hilo karani anaweza kufungua faili mpya kwa jina langu, na ile ya zamani ikabaki. Mtu mmoja anakuwa wawili, mmoja OS na mwingine AB, na hakuna ajuaye yupi wa kweli.

Ndani ya barua niliandika mambo manne tu, kila moja sentensi moja. Kwanza, kwamba nilipandishwa kuwa AB tarehe 10 Agosti 2023 melini, na jina la meli. Pili, kwamba cheti cha AB kilitolewa na KMA Januari 2023, na nambari yake. Tatu, siku ambayo niko tayari kusafiri. Nne, ombi: tafadhali badilisheni cheo changu katika faili yenu na mwondoe CV ya zamani. Ombi hilo la nne wengi hawaliandiki, wakidhani linaeleweka lenyewe. Halieleweki. Karani anapokea barua nyingi kwa siku, na barua isiyosema inataka nini husomwa na kufungwa.

Nikaambatisha CV, kopi ya cheti cha AB, barua ya nahodha, na ukurasa wa kitabu cha baharia wenye mhuri wa tarehe ile. Jina la kila faili lina cheo, jina langu na mwezi. Vyeti vyenyewe vilibaki nyumbani. Kwa wakati huu kopi zinatosha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Mbali na CV, kampuni nyingi zina fomu yao ya maombi ambayo ulijaza siku ya kwanza, pengine miaka mitano iliyopita, na ukaisahau. CV yako ikibadilika, fomu ile haibadiliki. Afisi ya ng'ambo husoma fomu kabla ya CV. Kwa hiyo uliza: je, kuna fomu ya kampuni niijaze upya? Mimi niliambiwa ipo. Nikaijaza palepale.

Kuhusu wakati wa kutuma, nasema usingoje kushuka. Baharia wa ngazi zetu hukaa melini miezi tisa hivi, na anayepanga wafanyakazi huanza kutafuta wa kuwapokea walio melini miezi miwili hivi kabla ya siku yao. Ukingoja ufike nyumbani, upumzike, uoe au uoze, ndipo uandike, nafasi za msimu huo zimeshapangwa. Siku unayopandishwa, mwombe nahodha barua, ipige picha na uitume kwa wakala ukiwa hukohuko, pamoja na mstari mpya wa CV. Siku ya kushuka utaongeza tarehe ya mwisho tu.

Jinsi ya kujua kama imefika

"Tumepokea" si jibu la kutosha. Mimi nilijibiwa hivyo mwaka 2023, na kopi yangu ikaenda kulala. Baada ya siku tano au saba, piga simu au pita afisini na uulize swali moja: "Kwenye faili yenu nimeandikwa cheo gani, na meli yangu ya mwisho ni ipi?" Usiulize kama wamepata CV. Ukijibiwa AB, na meli ya mwisho ni ile ya mwisho kweli, kazi imekwisha. Ukijibiwa OS, au meli ya miaka miwili nyuma, basi CV yako imefika kwenye sanduku la barua pepe na haijafika kwenye faili.

Dalili nyingine ni simu unazopigiwa. Wiki mbili baada ya kutuma, niliitwa kwa kazi ya OS. Zamani ningekubali haraka au ningekasirika. Safari hii niliuliza kwa utulivu kama wameniona kwenye orodha ipi. Kumbe ombi lilikuwa la OS na karani mgeni alikuwa ametumia orodha aliyoichapisha zamani. Akatazama upya, akaomba radhi. Kwa hiyo simu ya cheo cha chini si tusi kila mara. Ni nafasi ya kujua nini kimeandikwa.

Mwishoni mwa Mei nikaitwa kama AB. Juni nikapanda.

Anayetaka pesa

Siwezi kumaliza bila hili. Katika miezi ile ya kungoja, mtu mmoja wa kati, wa wale wanaozunguka nje ya afisi, aliniambia kwamba faili haibadilishwi bure, nitoe shilingi elfu tano "za kuiamsha". Nilikuwa nimechoka, nikakaribia kutoa.

Nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, MLC wa 2006, mwaka 2014. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoweza kuwa za baharia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati ya kusafiria inayofanana nayo. Kubadilisha neno moja kwenye kompyuta hakumo. Kama anayekutaka pesa anasema ni wakala, nenda KMA uulize kama ana leseni, maana wao ndio wanaowapa leseni mawakala wa mabaharia, na malalamiko pia yanapelekwa kwao.

Naye yule karani hakunitoza hata peni. Alichotaka ni karatasi zenye kusema kitu kimoja.

Nimewahi kuulizwa kama tofauti ya OS na AB inastahili usumbufu huu wote. Kima cha chini cha mshahara wa msingi wa AB kilichokubaliwa kupitia Shirika la Kazi Duniani, ILO, kilikuwa dola 666 kwa mwezi kuanzia Januari 2024, bila kuhesabu malipo ya saa za ziada, na OS huwa chini ya hapo. Lakini mimi hesabu yangu ni nyingine. Kutoka Februari, walipotafutwa wale wawili, mpaka Juni nilipopanda, ni miezi minne ambayo mama alinunuliwa dawa kwa pesa ya kukopa, na kabatini mlikuwa na barua ya nahodha inayosema mimi ni AB. Barua hiyo sasa iko ukurasa wa kwanza wa kila kitu ninachotuma.